Ikisiri ya tasnifu kuwa video ya dakika tatu: weka mkasi chini kwanza

*"Shikamoo mwalimu. Nimemaliza uzamili, tasnifu yangu ni ya sumukuvu kwenye mahindi yanayohifadhiwa majumbani, Dodoma. Chuo kinataka video ya dakika tatu kwa Kiswahili, mtu yeyote aielewe. Nilitafsiri ikisiri yangu nikaisoma kwa sauti, ikatoka dakika nne na sekunde arobaini. Nimepunguza maneno mara tatu. Nilipomsomea mama, aliniuliza, 'Kwa hiyo tusile mahindi?' Msimamizi wangu naye anasema nisiguse mbinu wala takwimu, nitapotosha. Nikate nini?"*

Marahaba. Usikate kitu. Ikisiri haikatwi ikawa video, kwa sababu yenyewe imekwisha kukatwa. Kurasa mia na zaidi umezishindilia kwenye ukurasa mmoja, na kila sentensi iliyobaki pale imebeba sura nzima. Ukiondoa maneno, mzigo unabaki uleule, ila unabebwa na maneno machache zaidi. Ndiyo maana umepunguza mara tatu na mama hajasogea.

Ikisiri uliyoniambatanishia nimeisoma yote. Katika jibu hili nimebadilisha tarakimu na baadhi ya maelezo ili kazi yako isitambulike kabla hujaichapisha. Kwa hiyo hesabu za kaya nitakazotumia hapa ni za kujifunzia tu. Wasomaji wengine wasizinukuu kama matokeo ya utafiti.

Tuanze na sentensi yako ya pili, ile uliyoitafsiri hivi: "Utafiti huu ulilenga kuchunguza uhusiano uliopo baina ya kiwango cha unyevu wa mahindi yaliyohifadhiwa katika mifuko isiyopitisha hewa wakati wa ufungaji na uwepo wa sumukuvu uliozidi kiwango kinachoruhusiwa baada ya kipindi cha miezi sita cha uhifadhi."

Kisarufi haina kosa. Isome kwa sauti, kisha hesabu majina yanayoanza na u: utafiti, uhusiano, unyevu, ufungaji, uwepo, uhifadhi. Ni sita, na yote yanachukua upatanisho uleule. Ukifika kwenye "uliozidi," nini kimezidi? Unyevu? Uhusiano? Uwepo? Msomaji mwenye karatasi anarudisha jicho nyuma, anatafuta, anaendelea. Mama yako hana pa kurudi. Sikio lake linashika u ya karibu, linakosea, na wakati bado anajiuliza wewe umeshafika kwenye sentensi ya tatu. Hapo ndipo ulipompoteza, kabla hata ya takwimu.

Sababu ni kwamba tasnifu uliiandika kwa Kiingereza, na Kiingereza cha kitaaluma kinapenda kugeuza vitendo kuwa majina. Ulipotafsiri, kila jina lilikuja na u- yake. Kiswahili cha mdomoni hakisimulii hivyo. Kina kitenzi, na kina -ka-, ambayo inapanga matukio bila kuhitaji neno jingine. Sentensi ile ile, ikisemwa na mtu anayesimulia kazi aliyoifanya, inakuwa hivi: "Siku ya kufunga mfuko nilipima unyevu wa mahindi. Miezi sita baadaye nikarudi, nikachota kwenye mfuko uleule, nikapima sumu."

Angalia kilichotokea. Mbinu yako yote imo: ulipima nini, lini, mara ngapi, na kwamba ulifuatilia mfuko mmoja mmoja badala ya kulinganisha mifuko tofauti. Msimamizi wako hana cha kulalamikia. Kilichoondoka ni majina matano ya u-, na neno "uhusiano" ambalo msikilizaji wa kawaida hulisikia kama undugu.

Sasa swali la mama. Usilichukulie kama dalili kwamba hakuwa makini. Alikuwa makini sana. Alisikia "mahindi," akasikia "sumu," akasikia asilimia kadhaa, na hakusikia mahali popote palipomwambia afanye nini na habari hiyo. Akajijazia. Ikisiri inaruhusiwa kuishia na "utafiti zaidi unapendekezwa," kwa kuwa msomaji wake ni mtafiti. Video ikiishia hapo, kila mtazamaji atajijazia lake, na wengi watajaza kama mama: chakula chetu ni sumu. Hilo ndilo potofu ambalo msimamizi wako angepaswa kuliogopa kuliko kukosekana kwa jina la kipimo cha maabara.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote la skripti, andika sentensi moja: kile ambacho ungependa mama amwambie jirani kesho yake. Iwe sentensi ambayo utafiti wako una haki ya kuisema. Nimeisoma ikisiri yako nikaona wazi mambo manne: unyevu siku ya kufunga, aina ya mfuko, elimu ya mkuu wa kaya, na umbali wa soko. Manne hayaingii kwenye dakika tatu. Yanaingia kwenye orodha, na orodha haikumbukwi. Mimi ningechukua hili: *mfuko mzuri haumwokoi aliyefunga mahindi ambayo hayajakauka.* Elimu na umbali wa soko ni matokeo halali, yabaki kwenye tasnifu. Mtazamaji hawezi kulileta soko karibu wiki ijayo, lakini kuanika anaweza.

(Usiandike "mahindi mabichi." Mtu atawaza ya kuchoma.)

Nije kwenye takwimu, maana hapa ndipo msimamizi wako ana haki ya kuwa na wasiwasi, na ndipo tafsiri yako ya sasa imekosea mara mbili.

Kosa la kwanza ni hili: uliandika kwamba sumukuvu "ilikuwa juu kwa kiasi kikubwa." Kwenye Kiingereza chako kulikuwa na lile neno la kitakwimu, *significantly*, linaloambatana na `p < 0.001`. Neno hilo halizungumzii ukubwa. Linasema kwamba kama kweli kusingekuwa na tofauti yoyote kati ya makundi mawili, pengo kama ulilolikuta lingejitokeza kwa bahati mara chache mno. Pengo lenyewe linaweza kuwa dogo. Ukiwa na sampuli kubwa ya kutosha, hata tofauti isiyomgusa mtu itatoa `p` ndogo. "Kwa kiasi kikubwa" ni dai jingine kabisa, na ni lako, halimo kwenye hesabu.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Ikisiri ina `OR = 3.78`, na wewe ukaandika "walikuwa na uwezekano wa karibu mara nne." Tuihesabu polepole. Tuseme kaya 60 zilifunga mahindi yenye unyevu, na 24 kati yake zikakutwa na sumukuvu kupita kikomo. Kaya 120 zilikausha vizuri, na 18 kati yake zikapita kikomo. Kwa mtu wa kawaida, uwezekano ni sehemu ya wote: 24 kwa 60 ni asilimia 40, na 18 kwa 120 ni asilimia 15. Arobaini gawa kwa kumi na tano unapata 2.67. Haijafika hata mara tatu.

Hiyo 3.78 imetoka wapi? Imetoka kwenye kugawa waliopita kikomo kwa *wasiopita*, siyo kwa wote: 24 kwa 36 upande mmoja, 18 kwa 102 upande wa pili, kisha la kwanza kwa la pili. Ni kipimo halali, na modeli uliyotumia hutoa kipimo hicho. Lakini pale jambo linapotokea mara nyingi, kama hapa, kinakwenda mbali na kile masikio ya watu yanachokiita uwezekano. Jambo likiwa nadra sana, vipimo hivyo viwili hukaribiana, ndiyo maana wengi hawagundui kosa. Miaka kadhaa nyuma nilipitisha "mara tano" ya namna hii kwenye kipindi cha redio, na kabla sijairekebisha mtu alikwisha kuinukuu kwenye semina ya wakulima. Tangu hapo simpokelei mtu uwiano bila kumwomba hesabu za makundi yote mawili.

Dawa yake ni kusema idadi za watu badala ya uwiano, tena kwa kizio kimoja pande zote. Ukisema "wanne kati ya kumi" upande huu na "watatu kati ya ishirini" upande ule, msikilizaji analazimika kugawa kichwani wakati wewe unaongea. Sema hivi: katika kila kaya ishirini zilizofunga mahindi ambayo hayajakauka, nane zilipita kikomo, katika kila kaya ishirini zilizokausha kwanza, tatu. Nane na tatu. Hakuna neno "kubwa" wala "mara," na ukubwa wa tofauti kila mtu anauona mwenyewe. Mpe msimamizi wako sentensi hiyo na umwombe atafute upotofu ndani yake.

Lipo na suala la kikomo chenyewe. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa sumukuvu zote kwenye mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo. Ukiitamka, umetumia sekunde tatu na hukusema kitu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiona mikrogramu. Njia rahisi ni kusema tu "kiwango kinachoruhusiwa." Ukitaka kuionyesha, basi fanya hesabu ya magunia: mikrogramu 10 kwa kilo ni gramu moja katika tani 100, yaani gramu moja iliyotawanywa sawasawa kwenye magunia elfu moja ya kilo mia. Gramu moja ya chumvi haijazi hata robo ya kijiko cha chai. Ni picha nzuri, lakini itakula kama sekunde kumi na mbili, na kwenye skripti yako mimi nisingeitia. Inavuta mawazo kwenye udogo wa sumu, wakati unataka yabaki kwenye siku ya kufunga mfuko.

Hii hapa skripti jinsi ningeiandika. Maneno ya mlalo ni picha, mengine ni sauti yako.

*Mikono inafungua mfuko wa kuhifadhia, tabaka moja moja.*
"Mfuko huu una tabaka tatu. Ukiufunga vizuri hewa haiingii, na dumuzi aliyebaki ndani anakosa pumzi, anakufa. Wakulima wanaupenda, na wana sababu."

*Mikono inafunga mfuko kwa kamba.*
"Lakini kuna kazi mfuko huu hauiwezi. Ukifunga mahindi ambayo hayajakauka, na unyevu umeufunga humo ndani. Kila ukifungua kuchota ya kusaga, hewa inaingia tena. Unyevu na hewa vikikutana, kuvu inaota."

*Punje zilizoota ukungu, kisha punje safi.*
"Ipo aina ya kuvu inayotengeneza sumu. Sumu hiyo tunaiita sumukuvu. Hizi punje zenye ukungu unaziona, utazitupa. Hizi nyingine zinaonekana safi, na zinaweza kuwa na sumu. Haina harufu. Kupika ugali hakuimalizi. Ukiila kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, inaumiza ini."

*Wewe, ukiongea na kamera, kipima unyevu mkononi.*
"Nilitaka kujua kama siku ya kufunga mfuko ina uzito kiasi gani. Nikaenda kwenye kaya mia na themanini, Dodoma. Siku ya kufunga, nikapima unyevu wa mahindi. Miezi sita baadaye nikarudi, nikachota kwenye mifuko ileile, nikapeleka maabara."

*Mifuko ishirini midogo imechorwa. Minane inageuka rangi. Kisha mingine ishirini, mitatu inageuka.*
"Katika kila kaya ishirini zilizofunga mahindi ambayo hayajakauka, nane zilikuwa na sumukuvu kupita kiwango kinachoruhusiwa. Katika kila kaya ishirini zilizokausha kwanza, tatu."

*Kimya, sekunde tatu, picha hiyohiyo.*

*Wewe tena.*
"Mfuko ni uleule. Mahindi ndiyo yaliyokuwa tofauti siku ya kufunga. Lakini zile kaya tatu je? Si walikausha? Kuvu inaweza kuanza shambani, mahindi yakiwa bado kwenye shina, hasa mwaka wa ukame. Sumu ikishaingia, kukausha hakuitoi. Na huenda waliokausha walifanya na mengine mema ambayo mimi sikuyapima. Kwa hiyo sisemi kukausha kunamaliza tatizo. Ninasema, waliokausha niliwakuta na sumu mara chache zaidi."

*Mahindi yameanikwa kwenye turubai.*
"Mahindi tutakula. Ila kabla hujafunga mfuko, yakauke: unyevu usizidi asilimia kumi na tatu na nusu. Huna kipimo? Muulize afisa ugani wako kabla ya kufunga, siyo baada."

Nikisoma hii kwa mwendo wa kawaida inachukua dakika mbili na sekunde chache. Zinazobaki ni za pumzi, kile kimya cha sekunde tatu, na kadi ya mwisho yenye jina la tasnifu. Usijaribu kuzijaza. Kwenye shindano la tasnifu ya dakika tatu lililoanzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008, ambako vyuo vingi vimechukulia muda huu, anayepita dakika tatu anaondolewa. Soma masharti ya chuo chako, maana huenda sekunde ya 181 ikakutoa.

Usikubali pia kudanganywa na hesabu ya maneno ya kompyuta. Kwa sauti ya utulivu, watu wengi ninaofanya nao kazi husoma Kiswahili maneno mia na kumi hivi kwa dakika. Miongozo ya Kiingereza inayosema maneno mia nne kwa dakika tatu haikufai: "hawakuyakausha" kwetu ni neno moja, kwao ni matano, kwa hiyo maneno yetu ni marefu. Tena kompyuta inahesabu `37.4%` kama neno moja, wakati mdomo unasema "asilimia thelathini na saba nukta nne," maneno sita. Ikisiri yako ina tarakimu kumi na tisa za aina hiyo. Nina hakika karibu dakika nzima ya zile nne na sekunde arobaini ilikuwa tarakimu peke yake. Kwenye skripti andika kila namba kwa herufi, ndipo utaona urefu wake halisi.

Rudi kwenye aya ya zile kaya tatu, maana najua hiyo ndiyo utakayoshawishika kuiondoa ukiona muda unabana. Usiiondoe. Hapo ndipo kazi yako inapobaki kuwa utafiti na siyo tangazo la turubai. Wewe hukugawa kaya kwa kura, hizi zikaushe na zile zisikaushe. Uliwakuta watu wanafanya walivyozoea. Anayekausha vizuri huenda ndiye pia anayevuna mapema, anayechagua punje mbovu, asiyerundika mahindi ardhini. Kwa hiyo "kukausha kunapunguza sumukuvu" ni sentensi ambayo huna haki nayo kutokana na data hii peke yake, hata kama maarifa mengine ya kilimo yanaiunga mkono. "Waliokausha niliwakuta na sumu mara chache zaidi" unayo. Sikiliza tofauti ya vitenzi: *kunapunguza* na *niliwakuta*. Kwenye Kiswahili mpaka kati ya sababu na uhusiano unakaa kwenye kitenzi, na unaweza kuuheshimu bila kumtajia mama neno lolote la takwimu.

Kwa msimamizi wako kuna njia inayomaliza ubishi bila kubishana. Chapisha skripti kwa nafasi pana, na pembeni mwa kila sentensi andika ukurasa wa tasnifu inakotoka. Nane na tatu, ukurasa fulani. Miezi sita, ukurasa fulani. Utakuta sentensi chache hazina ukurasa. Hizo ni za aina mbili. Ya kwanza ni maarifa yanayojulikana tayari, kama dumuzi kukosa pumzi au ugali kutoimaliza sumu. Hizo mwombe yeye azithibitishe. Ya pili ni ulizoziongeza kwa shauku, na hizo ndizo za kufuta. Akisisitiza jina la kipimo cha maabara au namna ulivyochagua vijiji, viweke kwenye kadi ya mwisho na kwenye maelezo yanayoandikwa chini ya video. Anayetaka atasimamisha picha asome.

Umeniuliza pia, kwenye kiambatisho, kuhusu jaribio la chumvi: chupa ya kioo iliyokauka, mahindi mpaka theluthi, vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, unatikisa, unaacha robo saa, chumvi ikinata kwenye kioo mahindi hayajakauka. Kwa kamera ni zuri mno, na nimetamani uanze nalo. Lakini linatofautisha mahindi yaliyo juu na yaliyo chini ya asilimia 15 hivi, na kikomo chako ni 13.5. Mahindi ya asilimia 14 na nusu yatapita jaribio la chupa, yatafungwa mfukoni, na mtazamaji atakuwa amefuata video yako vizuri kabisa. Kama utalionyesha, liseme upande mmoja tu: chumvi ikinata, usifunge. Isiponata, usiseme "yamekauka", sema "anika tena siku moja mbili, kisha upimiwe." Hiyo itakugharimu sekunde ishirini, na zitatoka kwenye zile za pumzi. Mimi ningeacha jaribio, lakini ni uamuzi wa haki kwenda upande wowote.

Lile wazo lako la kufungua video kwa habari za vifo siliungi mkono. Ni kweli kabisa kwamba mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, na kwamba Kenya mwaka 2004 ilipoteza watu 125. Lakini wewe hukupima wagonjwa, ulipima mifuko. Ukianza na jeneza, mtazamaji ataielewa sumukuvu kama ajali inayokuja mwaka mmoja na kuondoka, wakati mifuko yako inaonyesha jambo la kila msimu lisilopiga kelele.

Yapo matatu ambayo sitaweza kukusaidia kwa maandishi, na yanahitaji ukae na mtu. La kwanza ni zile hesabu za nane na tatu. Modeli yako ilirekebisha kwa elimu na mambo mengine, na hesabu ghafi huenda zikatofautiana na zilizorekebishwa. Mpelekee mtaalamu wa takwimu wa idara yenu jedwali lako, umuulize kama hesabu ghafi zinaelekea upande uleule na kwa ukubwa unaokaribiana. Zikitofautiana sana, usizitumie mpaka mmeelewana mtasema nini. La pili ni picha za kijijini. Fomu ya ridhaa uliyonionyesha inawaomba watu ruhusa ya sampuli na mahojiano. Haisemi kitu juu ya video itakayoonekana na kila mtu. Kaya iliyokutwa na sumu ikionekana uso, au hata mlango wa nyumba ukatambulika, jirani hatanunua tena mahindi kwake. Iulize kamati ya maadili iliyokupa kibali kabla hujatumia picha hata moja ya shambani. Ndiyo maana kwenye skripti nimeweka mikono, mifuko ya kuchora na wewe mwenyewe. La tatu, kama makala yenu ya jarida bado haijatoka, msimamizi athibitishe kwamba jarida linaruhusu matokeo kusemwa hadharani kabla.

Ukishapata majibu, msomee mama tena, mara moja tu, bila kurudia. Usimuulize kama ameelewa, atasema ndiyo kwa kukupenda. Mwambie ampigie shangazi simu amweleze ulichogundua, nawe ukae kando usikilize. Akisema "mfuko ni mbaya," rudi kwenye aya ya kwanza, sifa ya mfuko imekuja haraka mno haikushika. Akisema "ukikausha huna wasiwasi," zile kaya tatu umezisoma mbio. Akianza kumuuliza shangazi kama ana turubai, karekodi.